Bei ya ndani ya majani mabichi, na hasara ambayo shamba la chai hubebeshwa

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mhasibu katika kampuni ya chai yenye mashamba na kiwanda chake, aliniandikia kwamba kitengo cha shamba kimeonyesha hasara robo baada ya robo, kiwanda kinaonyesha faida, na sasa bodi inauliza kama kuna haja ya kuendelea kulima. Ujumbe wake umenigusa sana. Nami niliwahi kuwa mhasibu wa kitengo cha shamba katika kampuni moja ya chai ya Nyanda za Juu Kusini, ambako kila mwisho wa mwaka wenzetu wa kiwandani walipewa bonasi na sisi tukapewa barua za kutaka tujieleze. Uchungu wa barua zile bado ninao, kwa sababu hasara ile haikutoka shambani. Ilitoka kwenye bei ambayo makao makuu yalikuwa yamepanga kiwanda kilipe kwa kila kilo ya majani mabichi.

Nitaeleza kwa hesabu ya mfano, iliyo karibu na hali halisi lakini yenye tarakimu nyepesi. Chukulia kwamba kilo 4.5 za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, na kwamba kilo hiyo, baada ya kutoa gharama za kuipeleka mnadani Mombasa na kamisheni ya dalali, huiletea kampuni shilingi 3,600. Kiwanda hutumia shilingi 1,600 kuisindika, yaani kuni, umeme, mishahara, magunia na uchakavu wa mitambo. Shamba nalo hutumia shilingi 420 kwa kila kilo ya majani mpaka yafike kiwandani: 200 ni za kuchuma na kusafirisha, na 220 ni za mbolea, palizi na usimamizi.

Makao makuu yakipanga bei ya ndani kuwa shilingi 300, shamba linapoteza shilingi 120 kwa kila kilo ya majani, sawa na 540 kwa kilo ya chai kavu, huku kiwanda kikijivunia faida ya 650. Bei ikipandishwa hadi 430, shamba linapata 45 na kiwanda kinapata 65. Katika hali zote mbili faida ya kampuni ni ile ile shilingi 110. Hakuna jani lililoongezeka wala mtambo uliotengenezwa vizuri zaidi. Kilichobadilika ni nani anaonekana hodari. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla bodi yenu haijajadili ufanisi wa meneja wa shamba, waombe kwanza waeleze bei hiyo ilipatikanaje.

Sisi tulikuwa tukiambiwa kwamba bei yetu ni ya soko, kwa kuwa ililingana na ile waliyolipwa wakulima wadogo. Niliketi na vitabu vya ununuzi nikaona mambo mawili yaliyokuwa yameachwa. Mkulima mdogo alipimiwa majani yake kwenye banda la kukusanyia kijijini, na lori la kiwanda ndilo lililoyafuata, ilhali shamba letu liliyafikisha mlangoni kwa gharama yake. Katika mfano wetu, kama mkulima analipwa jumla ya 400 na usafiri ni 30, basi bei ya kulinganisha ni 430. Pia palikuwa na malipo ya pili ya wakulima mwishoni mwa msimu, ambayo hayakuhesabiwa kabisa katika bei yetu. Wasomaji wa Kenya wanaofahamu utaratibu wa KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, wataelewa mara moja: anayechukua malipo ya kila mwezi na kuiacha bonasi ya mwaka hajapata bei ya majani, amepata kipande chake tu.

Nilipowasilisha hoja hiyo, mkubwa mmoja alipendekeza tuachane na soko na kutumia gharama halisi ya shamba pamoja na asilimia 10. Nilipinga, na leo ninajivunia kwamba nilipinga, ingawa bei hiyo ya 462 ingelipendeza shamba. Kwa mpango huo, kadiri shamba linavyotumia fedha ovyo ndivyo faida yake inavyokua, na kiwanda ndicho kinacholipa. Zaidi ya hapo, meneja wa kiwanda akiona majani ya kijijini yanamfikia kwa 430, atayapendelea na kuyakataa ya shamba. Kwa kitengo chake huo ni uamuzi wa busara. Kwa kampuni ni hasara, kwa sababu majani ya shamba yasipochumwa kinachookolewa ni zile 200 tu, mbolea na palizi zikiwa zimekwisha kulipiwa. Kila kilo iliyoachwa mtini inaigharimu kampuni shilingi 230. Duru ya uchumaji ikipita, chipukizi hukomaa na kuwa majani magumu, na meza ya uchumaji, yaani usawa wa juu wa michai, hulazimika kusawazishwa upya kwa kukatwa.

Hata bei sahihi ya soko haitoshi ikiwa inalipwa kwa uzito peke yake. Shamba linalopimwa kwa kilo litaleta kilo, yakiwamo majani ya nne na ya tano, vijiti na maji ya mvua. Kiwandani dalili huonekana kwenye uwiano: badala ya kilo 4.5, zinahitajika 4.8 kupata kilo moja ya chai kavu. Kilo hizo 0.3 za ziada, kwa bei ya 430, ni shilingi 129, zinazogeuza faida ya kiwanda ya 65 kuwa hasara ya 64, na bado hatujagusa kushuka kwa bei ya chai hafifu mnadani. Dawa yake ilikuwa mezani, karibu na mizani. Karani alichota konzi za majani kutoka magunia kadhaa, akahesabu machipukizi 100, akayatenga mafungu mawili: upande mmoja chipukizi lenye majani mawili, pamoja na yenye jani la tatu lililo laini, upande mwingine magumu na yaliyochanika. Siku za mvua, sampuli nyingine ilipimwa, ikakaushwa maji ya juu, ikapimwa tena, na tofauti hiyo ikakatwa kwenye uzito wa mzigo. Bei kamili ilikwenda kwa mzigo uliofikia kiwango tulichokubaliana, na chini ya hapo ilipungua. Msisitizo wangu ni kwamba karani wa shamba na wa kiwanda wahesabu pamoja na wote watie sahihi, la sivyo ugomvi wa bei utageuka ugomvi wa sampuli.

Jambo linaloniuma zaidi ni mbolea. Ili kupunguza hasara iliyokuwa ya kwenye karatasi, meneja wetu alishinikizwa kupunguza NPK, na takwimu za robo ile zikapendeza. Mavuno yaliposhuka baadaye, kiwanda kikaendeshwa chini ya uwezo wake, na gharama zake za kudumu zikagawanywa kwa kilo chache zaidi. Bei ya ndani iliyokosewa ilikuwa imefika mpaka kwenye udongo.

Msomaji wangu aliuliza pia kuhusu kutumia bei mbili, yaani shamba lihesabiwe 430 na kiwanda kitozwe 300, tofauti ibebwe na makao makuu. Simshauri. Vitengo vyote viwili vitaonyesha faida, na jumla yake itaizidi faida ya kampuni yenyewe, na hakuna atakayeumia gharama zikipanda. Atumie bei moja ya 430, irekebishwe kila bei ya wakulima inapobadilika, kisha anapounganisha hesabu aondoe faida ya shamba iliyomo katika chai ambayo haijauzwa: kwa mfano wetu, shilingi 45 kwa kila kilo iliyoko ghalani ikisubiri mnada.