Mteja aliyepokea shuka tofauti na tangazo: nimwandikie nini?

"Wakuu, nauza mashuka mtandaoni nikiwa hapa Dodoma. Mteja wa Kondoa amepokea seti ya 5 kwa 6 wakati tangazo langu lilisema 6 kwa 6, na jana usiku amenitumia sauti ya malalamiko. Nimwandikie nini cha heshima ambacho hakitanimalizia mtaji?"

Ndugu, mimi pia nauza mashuka na mapazia hapa Dodoma, na mizigo yangu mingi husafiri kwa basi kwenda Singida, Manyoni na huko huko Kondoa. Nitakueleza ninavyofanya mwenyewe linaponitokea jambo la namna hiyo, kwa sababu nimeona wateja wengi wakipotea kwa ajili ya majibu waliyopewa, hata pale ambapo fedha zao zilirudishwa.

Kabla hujaandika neno lolote, chukua seti moja iliyobaki katika mzigo ule ule, ifungue, uipime. Katika biashara yetu maandishi ya "6 kwa 6" kwenye pakiti hutaja godoro, hayataji kitambaa. Godoro la futi 6 lenye unene wa inchi 8 linahitaji kitambaa cha futi 7 na inchi 4 upande hadi upande ili kifunike juu na ubavu zote mbili, na hapo bado hujakunja chochote chini ya godoro. Kwa hiyo mteja anaposema shuka halitoshi, huenda pakiti ni ya 5 kwa 6 kweli, huenda imeandikwa 6 kwa 6 lakini kilichomo ndani ni kidogo, au huenda shuka ni sahihi ila godoro lake lina inchi 10 au 12. Ukimwandikia kabla hujajua ni lipi kati ya haya, unaweza kuomba radhi kwa kosa lisilokuwapo, au, jambo ambalo ni baya zaidi, ukakana kosa ambalo mwenzako amelishika mkononi.

Shuka la lastiki hupimwa kwa urahisi. Litandaze sakafuni, shika upande mfupi, kisha weka tepu ya fundi cherehani kutoka mshono wa kona moja hadi mshono wa kona ya pili. Tepu hiyo ina inchi 60, ambazo ni futi 5 kamili. Shuka la 5 kwa 6 litaishia mahali tepu inapoishia au karibu sana na hapo. Shuka la 6 kwa 6 litabakiza takribani futi nzima ambayo tepu haikuifikia. Kama hukubakiwa na seti hata moja, hapo ndipo umwombe mteja akupigie picha ya kipimo hicho, na umweleze kwamba unakitaka ili umtumie kinachomfaa, wala si kwa sababu unamtilia shaka.

Tuchukulie kwamba umepima na mteja amesema kweli. Mwandikie siku hiyo hiyo, na umwandikie hata kama yeye alituma sauti. Kiasi cha fedha, siku ya basi na chaguo unalompa ni mambo anayohitaji kuyasoma mara ya pili, pengine pamoja na mwenzi wake, na sauti hairahisishi hilo. Bei nitakazotumia hapa ni za mfano: seti ya 6 kwa 6 ni shilingi 45,000, seti ya 5 kwa 6 ni shilingi 38,000, na nauli ya mzigo hadi Kondoa ni shilingi 5,000. Mimi ningeandika hivi:

"Habari za asubuhi, dada. Nimesikiliza ujumbe wako wote, na leo nimepima shuka nililobakiwa nalo katika mzigo ule ule. Ni kweli kama ulivyosema: tangazo langu liliandika 6 kwa 6, na nilichokutumia ni 5 kwa 6. Kosa ni la upande wangu na ninakuomba radhi. Ninaweza kukutumia seti sahihi ya 6 kwa 6, yenye rangi ile ile, kwa basi la kesho asubuhi, na nauli yake nitailipa mimi. Ukishaipokea na kuipima, utakabidhi ile ya kwanza kwa wakala wa basi, nami nitakuwa nimekutumia nauli ya kuirudisha. Kama hutaki tena seti hii, nitakurudishia shilingi 45,000 pamoja na shilingi 5,000 uliyolipia mzigo na ya kutolea. Na kama una kitanda cha futi 5 nyumbani na ungependa kubaki nayo, nitakurudishia tofauti ya bei, shilingi 7,000 na ya kutolea. Tafadhali niambie lipi linakufaa. Ukinijibu kabla ya saa 12 jioni ya leo, mzigo utawahi basi la kesho. Ukijibu baadaye, utaondoka keshokutwa. Ahsante kwa kunieleza."

Sentensi ya kwanza baada ya salamu inamwonyesha kwamba umesikiliza na umepima, kwa hiyo hana haja ya kujitetea tena. Inayofuata inataja kilichoahidiwa na kilichofika kwa vipimo vile vile vya tangazo. Watu wengi huiruka sehemu hii na kuandika "samahani kwa usumbufu uliojitokeza", na mteja hubaki akijiuliza kama muuzaji amekubali kwamba shuka ni dogo au anamtuliza tu. Akiisha kusoma "tangazo langu liliandika hivi, nikakutumia hivi", hasira hupungua sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa ni hofu kwamba utakataa.

Sikuandika kwamba msambazaji ndiye aliyenikosea, ingawa mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Niliwahi kuuziwa kwa jumla mzigo ambao pakiti zake zilibandikwa karatasi ya 6 kwa 6 juu ya maandishi ya kiwandani yaliyosomeka 5 kwa 6, na karatasi ile ulilazimika kuibandua ndipo uone. Lakini mteja wa Singida aliyepokea seti mojawapo hakununua kwa msambazaji, alinunua kwangu, na tangazo lilikuwa langu. Madai yangu kwa msambazaji niliyapeleka kwa msambazaji, nikiwa na picha za karatasi ile na stakabadhi ya manunuzi.

Suala la mtaji ulilouliza liko kwenye nauli, kwa hiyo nitalifafanua. Ukibadilisha, unalipa shilingi 5,000 kwenda na shilingi 5,000 kurudi, jumla shilingi 10,000, na faida yako ya mauzo inabaki. Ukirudisha fedha zote, unampa shilingi 5,000 yake ya mzigo na unalipa shilingi 5,000 ya kurudisha, ambayo ni shilingi 10,000 ile ile, ila mauzo umeyapoteza. Akibaki nayo, unatoa shilingi 7,000 na ya kutolea. Utashawishika kuliweka chaguo hili la mwisho mwanzoni kabisa kwa kuwa ndilo rahisi kwako, lakini nakushauri usifanye hivyo. Mtu mwenye godoro la futi 6 hana kazi na shuka la futi 5, na akiona unaanza kwa kumpa shilingi 7,000 ataelewa kwamba unamnunua anyamaze. Ndiyo maana nimelifunga kwa maneno "kama una kitanda cha futi 5". Na kama kilichokosewa ni kitu kidogo, mathalani foronya mbili badala ya nne, usihangaike kurudisha chochote; tuma foronya zilizopungua, na ulipe nauli.

Wapo watakaokushauri umwambie arudishe kwanza kwa gharama zake, ndipo uangalie. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haiko upande wao. Inasema kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo. Mnunuzi ambaye hakuwa ameiona bidhaa hahesabiwi kuwa ameipokea rasmi mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua, kwa hiyo kufungua pakiti na kutandaza shuka kitandani ili alipime hakumnyimi haki. Na mnunuzi mwenye haki ya kukataa bidhaa, akishamjulisha muuzaji kwamba ameikataa, halazimiki kuirudisha mwenyewe, isipokuwa kama mlipatana vinginevyo. Bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" halikusaidii pale ambapo ulichotuma si ulichotangaza. Simtajii mteja sheria hii katika ujumbe, kwa maana ingesikika kama tumeshafika barazani; naitumia kujua ni gharama ipi iliyo yangu.

Hali hubadilika ikiwa ameshalifua shuka na kulilalia kwa wiki kadhaa ndipo alalamike. Hapo ninaomba picha, ninazungumzia nafuu ya bei, na siahidi kubadilisha. Na kama vipimo vimeonyesha kwamba shuka ni la 6 kwa 6 kweli, ila godoro lake ni nene, ujumbe unakuwa mwingine: mweleze kwa upole kwamba shuka lilitengenezwa kwa godoro la inchi 8, mwombe unene wa godoro lake, kisha mwambie kama una lenye kona za kina zaidi na ni nani atakayelipa nauli. Hapo mimi huomba tugawane, kwa sababu tangazo lilipaswa kutaja unene.

Kuhusu salamu, mjibu kwa ile aliyoanza nayo. Akiwa amekusalimu kwa Assalaam alaikum, itikia ipasavyo kabla ya jambo lingine. Akiwa ni mama mtu mzima, anza na shikamoo. Usimwite "mpendwa mteja". Mlipatana bei kama watu wawili, na maneno ya barua ya ofisi yatamfanya ahisi umejitenga naye siku ile ile anayokuhitaji.

Ukishatuma ujumbe, ondoa tangazo hilo mara moja au lirekebishe, na uandike upana, urefu na unene wa godoro linalofaa. Kisha angalia ni nani wengine walionunua kutoka mzigo ule ule, uwaandikie kabla hawajalalamika. Kwa wale ambao hawajafungua pakiti, mistari miwili inatosha: kwamba umegundua kipimo si kile kilichotangazwa, na kwamba wasifue kabla ya kupima. Shuka ambalo halijafuliwa unaweza kuliuza tena kama la 5 kwa 6 kwa bei yake; lililofuliwa huwezi.

Siku ya kutuma seti mpya, ipime ukiwa nyumbani na umpigie mteja picha ya tepu ikiwa juu ya shuka. Mzigo ukishapokelewa stendi, mtumie picha ya stakabadhi yenye namba ya simu ya wakala, pamoja na nauli ya kurudisha ile ya kwanza, kwa kuwa ofisi nyingi za mizigo hudai malipo kwa anayekabidhi. Asipojibu ujumbe wako wa kwanza hadi jioni, mpigie simu mara moja, umweleze kwa ufupi kwamba umemwandikia na kwamba unasubiri chaguo lake, kisha umwache aamue.