Chupa ya ml 60 mkononi: anza na mshiko, ukubwa utafuata

"Nauza mafuta ya nywele ya mbarika hapa Nairobi, chupa ndogo ya kahawia ya ml 60. Lebo bado ziko kwa mchapishaji, kwa hivyo nimeanza kutengeneza picha kwa akili unde: mkono umeshika chupa, basi. Kila nikijaribu, ama vidole ni sita, ama chupa inatoka kubwa kama ya sharubati. Nimeandika ml 60, nimeandika mkono wa kawaida wenye vidole vitano, wapi! Niandike nini?"

Dadangu, hiyo chupa ya sharubati naijua, ilishanitia hasara. Mimi hutengeneza picha za matangazo kwa wenye vibanda vya vipodozi upande wa Barabara ya Dubois na Kamukunji. Mwaka jana niliweka picha ya mafuta kwenye chupa kama yako. Ilikuwa picha safi, vidole vitano vyote mahali pake, nami nikajisifu. Mama mmoja wa Umoja akaagiza, boda ikafika, na mama akaikatalia mlangoni: "Hii si ni sampuli? Chupa yenyewe iko wapi?" Nauli ya kwenda na kurudi ikawa yangu.

Jioni hiyo niliirudia picha nikiwa na rula. Vidole vinne vilikuwa vimepangwa kuzunguka chupa, na juu yake na chini yake lebo inaonekana vizuri. Vidole hivyo vilichukua kama theluthi ya urefu wa chupa. Nikampima dada yangu: vidole vinne vikikaa pamoja, upana wake ni sm 7 na nusu. Theluthi ikiwa sm 7 na nusu, chupa nzima ni zaidi ya sm 22. Yangu, pamoja na kifuniko, ni sm 10. Mama wa Umoja hakukosea. Alipima kwa macho kwa kutumia mkono uliokuwa pichani, kama kila mnunuzi anavyofanya.

Kwa hivyo "ml 60" haikusaidii sana. Mtambo umejifunza kutokana na picha zilizoandikiwa maelezo, na chupa ya umbo hilo, ya kahawia yenye mabega ya mviringo, inauzwa ndogo na kubwa, zote zikifanana zikipigwa picha peke yake. Kinachotoa kipimo ni mkono. Na hapo ndipo maelekezo yako yanagombana yenyewe kwa yenyewe. Unaposema mkono umeshika chupa, mtambo unaelekea kwenye mshiko ulio mwingi zaidi pichani, ule wa kukumbatia kwa kiganja kama mtu anayeshika soda. Halafu unasema lebo ionekane yote. Chukua chupa yako sasa hivi uikumbatie hivyo: lebo iko wapi? Imefunikwa yote. Mtambo kwa kawaida haukuulizi unataka lipi, basi unakupa yote mawili kwa njia pekee iliyobaki, kuikuza chupa.

Kidole cha sita nacho kina uhusiano na mshiko huohuo. Ukikumbatia chupa, vidole vinapotelea nyuma ya glasi na ncha zake kutokea upande wa pili. Mtambo hauhesabu mifupa. Unachora ncha zinazofanana na ncha karibu na mahali ncha hukaa. Kadiri sehemu iliyofichika inavyokuwa kubwa, ndivyo nafasi ya kuongezewa kidole inavyokuwa kubwa.

Dawa yangu ni kuacha kusema "ameshika" na kuueleza mshiko ambao chupa ya ukubwa huo inaulazimisha. Kaa na chupa yako mbele ya kioo, igeuze mpaka lebo yote ikutazame kutoka kwenye kioo, kisha angalia vidole vimekaa wapi, ukikumbuka kwamba kioo hugeuza kulia na kushoto. Kwa chupa ya sm 4 kwa sm 10, mkono wa kulia huja kwa nyuma, kiganja kikitazama kamera. Kidole gumba kinabana ukingo mmoja, ncha za kidole cha shahada na cha kati zinabana ukingo mwingine, na kidole cha pete na cha mwisho vinajikunja chini ya kitako kuipokea. Mshiko huo hauwezekani kwa chupa ya sharubati. Ukiueleza vizuri, ukubwa umeshausema bila kutaja kipimo.

Maelekezo huyaandika kwa Kiingereza, si kwa kudharau lugha yetu. Nimeona tu kwamba mambo madogo ya vidole hupotea zaidi nikiandika kwa Kiswahili. Haya ndiyo niliyotumia kwa chupa ya kimo hicho:

```
Small amber glass bottle, black screw cap, blank cream label facing camera.
Right hand behind it, palm side toward camera, dark brown skin, lighter palm.
Thumb on the right edge, index and middle fingertips on the left edge,
ring and little finger curled loosely under the base.
Bottle is two fingers wide, slightly taller than the middle finger.
Wrist in frame, soft window light from the left, 85mm lens.
```

Mstari wa tano ndio rula. Badala ya sentimita nimelinganisha chupa na vidole, kwa kuwa vidole viko hapohapo pichani. Pima ya kwako, usinakili yangu: vidole viwili vya dada yangu ni karibu sm 3 na nusu, na kidole chake cha kati hakifiki sm 8. Kifundo cha mkono nimekitaja makusudi. Mkono uliokatwa kwenye vifundo vya vidole hauna mwanzo, na mtambo hubuni unakotoka. Lenzi ya 85mm inaashiria picha iliyopigwa kwa mbali kidogo. Ile ya karibu sana, kama selfi, hukuza chochote kilichosogezwa mbele. Ndiyo maana sura ya mtu siiweki kabisa kwenye picha za aina hii, kwani chupa iliyonyooshwa kuelekea kamera huishia kuwa kubwa kama uso.

Kuhusu rangi, andika kwamba kiganja ni cheupe kuliko mgongo wa mkono. Nisipoandika, mara nyingi napewa kiganja cha kahawia sawasawa pande zote kama glavu, na mtu wa hapa huona mara moja kuna kitu hakiko sawa hata kama hajui ni nini.

Halafu ile "vidole vitano" yako iondoe. Unapotaja idadi, unavuta macho ya mtambo kwenye vidole bila kuufundisha kuhesabu. Kuandika "asiwe na vidole sita" ni kubaya zaidi, maana neno sita limeshaingia. Kama chombo chako kina kisanduku cha pekee cha mambo usiyoyataka, yaweke huko. Usirefushe pia. Kisomaji cha maandishi cha Stable Diffusion ya mwanzo, mmoja wa mitambo ya picha, kilikuwa na nafasi ya tokeni 77 tu, yaani vipande vya maneno, na ingawa vyombo vya sasa vinasoma mengi zaidi, bado yaliyo mkiani ndiyo huachwa kwanza. Mshiko uje mapema, mwanga na mapambo nyuma.

Toa picha nane hivi, usipende ya kwanza. Mimi huzikagua kwa mpangilio uleule. Kwanza, mkono wa kulia ukionyesha kiganja, kidole gumba lazima kiwe kulia mwa picha. Kikiwa kushoto, huo ni mkono wa kushoto, na mara nyingi mtambo umeunganisha nusu ya huu na nusu ya ule. Pili ni kucha. Nyama ya ncha ndiyo inayogusa glasi, kwa hivyo kucha lazima itazame upande wa pili, mbali na chupa. Kucha iliyogeukia glasi inamaanisha kidole kimepinduliwa, na hili watu hulipita bila kuliona wakiwa bado wanahesabu vidole. Tatu ni mahali ngozi inapokutana na glasi: pawe na kivuli chembamba, na ncha iwe imebonyea kidogo. Pasipo hivyo chupa inaelea, hata kama kila kidole kimekamilika. Mwisho narudia hesabu ya rula niliyokueleza.

Katika nane zangu, nne zilianguka kwa kucha au kidole gumba, mbili chupa ilikuwa bado kubwa, na moja ilikuwa nzuri isipokuwa kidole cha mwisho kilichogawanyika mara mbili chini ya kitako. Ya nane sikuipenda mwanga. Nikaichukua hiyo ya kidole kilichogawanyika na kuipaka upya sehemu hiyo tu, yaani kuifunika kwa brashi ya chombo ili mtambo uchore hapo peke yake. Hapa nilikosea mara mbili kabla ya kujua: nilifunika kidole peke yake, na kidole kipya kikaja kizima ila hakigusi chupa. Unapofunika, ingiza pia ukingo wa kitako cha chupa na kipande cha kidole cha jirani, ili kinachochorwa kijue kinashika nini. Kama chombo chako kina kipimo cha nguvu ya mabadiliko, kinachoandikwa `denoising strength`, anza karibu na 0.45. Ukishuka sana, kasoro inabaki palepale. Ukipanda sana, unapewa mkono wa mtu mwingine. Maelekezo ya kupaka upya yawe ya sehemu hiyo tu, yaani kidole cha mwisho kimejikunja chini ya kitako, usirudie habari ya dirisha na lebo.

Lakini wewe chupa tupu unazo nyumbani, sivyo? Basi una njia fupi kuliko zote hizi. Mwambie mtu ashike chupa halisi kwa mshiko huo karibu na dirisha, umpige kwa simu ukiwa umerudi nyuma hatua moja na kuvuta karibu kwa lenzi ya mara 2. Ipakie picha hiyo kama kielelezo, kisha agiza mandhari na mwanga pekee vibadilishwe, mkono na chupa visiguswe. Vidole ni vya mtu, ukubwa ni wa kweli, na kazi ya kukagua inapungua sana. Bado kagua, maana vyombo vingine huahidi kutogusa na kumbe vimeilainisha ngozi na kuinenepesha chupa kidogo. Weka picha mbili kando kwa kando ulinganishe upana wa chupa na vidole viwili.

Lebo iache tupu mpaka mchapishaji akutumie faili. Maandishi madogo ya mtambo huweza kukosewa herufi, na jina la biashara yako si mahali pa kubahatisha. Ukiipata, ibandike juu kwa programu ya kuhariri picha na uipinde kidogo pembeni ifuate mviringo wa chupa. Pale ncha za vidole zinapoingia juu ya ukingo wa lebo, futa lebo ili vidole vibaki mbele yake.