Hayuko tayari, lakini nguo zake ziko kabatini

"Miezi minane analala kwangu kila Ijumaa, ila nikiuliza anasema hayuko tayari kwa uhusiano. Nimweleweje?"

Dada yangu, yachukue maneno yake kama yalivyo, kwa kuwa mtu anayepikiwa na kusubiriwa bila kuahidi chochote hana sababu ya kubadilika. Mapenzi yake huenda ni ya kweli (sidhani anakuigizia), lakini upole wa Ijumaa haumgharimu kitu. Tazama penye gharama: je, ukiugua Jumanne anakuja, na mbele ya ndugu zake anakutambulisha kama nani? Kisha mwulize mara moja anangoja nini hasa. Akitaja jambo lenye mwisho, kama masomo au deni, mpe muda huo, lakini akijibu "tuone tu", mfungashie nguo zake.