Barua ya kutohuisha mkataba: notisi siyo hoja, hoja ni matarajio

"Nafanya kazi Dar kwa mkataba wa mwaka mmoja, umeshahuishwa mara mbili. Tarehe 10 Desemba nimepewa barua kwamba ukiisha tarehe 31 hautahuishwa. Hata siku 28 za notisi hazijafika. Nina kesi?"

Mkuu, notisi iache. Siku 28 ni za mwajiri anayekatisha ajira ya mtu wa mshahara wa mwezi. Mkataba wa muda maalumu hufa wenyewe tarehe yake ikifika, na barua ile ni taarifa tu, isipokuwa mkataba wako wenyewe unadai notisi. Usome kwanza.

Penye uhai ni kifungu cha 36 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: kukataa kuhuisha kunahesabika kuwa ni kuachishwa kazi kama ulikuwa na matarajio ya msingi ya kuhuishiwa. Kuyathibitisha ni juu yako, na kanuni za 2007 zinataja mifano: kuhuishwa huko nyuma, au ahadi ya mwajiri.

Mimi na mwenzangu tulipewa barua za aina hiyo siku moja, maneno yaleyale. Yeye alikuwa kwenye mkataba wake wa kwanza, wenye kipengele kwamba hakuna ahadi ya kuhuishwa. Hakufika mbali. Wangu ulikuwa umehuishwa mara kadhaa, na mwezi mmoja kabla ya barua bosi alinitumia barua pepe akinipangia safari za kikazi za robo ya kwanza ya mwaka unaofuata. Mbele ya msuluhishi, barua pepe ile ilipewa uzito kuliko mikataba yote ya nyuma, maana kuhuishwa peke yake wanakujibu kuwa kila mkataba ulisimama kivyake. Tulimalizana kwa malipo hapohapo.

Kwa hiyo tafuta kitu kama hicho leo, kabla hawajafunga barua pepe yako ya kazini: ratiba ya mwakani yenye jina lako, tathmini, likizo iliyoidhinishwa kuvuka Desemba. Maneno ya korido hayasaidii sana, shahidi aliyebaki kazini huogopa.

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea mgogoro wa kuachishwa ndani ya siku 30, kwa fomu CMA F1. Mwajiri anaweza kudai siku zinahesabiwa tangu alipotoa uamuzi, yaani tarehe ya barua. Usimpe nafasi hiyo: peleka fomu wiki ya kwanza ya Januari, mkataba ukishaisha na siku 30 za barua hazijapita. Ukichelewa utaanza na maombi ya kuongezewa muda, na hapo wengi huishia.

Kwenye barua saini "nimepokea" na tarehe, basi. Wakikuletea karatasi ya malipo ya mwisho yenye sentensi kwamba huna madai mengine, usiisaini kabla hujaamua. Mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuichukua na cheti cha utumishi ni haki yako hata usipofungua mgogoro wowote.