Bamba la milimita 4 kwa tangi la hewa: litatosha?

"Nataka kuchomelea tangi la kompresa kwa karakana yetu Changamwe. Kipenyo milimita 600, presha bar 10. Nina bamba la milimita 4. Litatosha? Na mshono upi ni wa kuogopwa?"

Halitoshi, kaka. Uogope mshono unaokwenda na urefu wa tangi. Hewa inasukuma pipa lipanuke, na mkazo wa kulizunguka ni p·D/2t, p ikiwa presha, D kipenyo na t unene wa bamba. Mkazo wa kulivuta kwa urefu ni p·D/4t, nusu yake, kwa hiyo mishono ya duara ya kufungia vifuniko ina afadhali.

Bar 10 ni megapaskali 1. Kwa milimita 4 unapata 1 × 600 ÷ 8 = megapaskali 75. Chuma laini cha kawaida tukikiruhusu 100, bamba lenyewe linapita. Lakini mshono usiopigwa eksirei mimi nauhesabu kwa asilimia 70 tu, yaani 70. Hapo umeshashindwa.

Geuza hesabu: t = p·D ÷ (2 × 100 × 0.7) = milimita 4.3. Ongeza 1.5 ya kutu, maana hewa ya Mombasa ina unyevu na maji hutuama chini ya tangi. Nunua milimita 6, na mshono mrefu uuweke juu, mbali na maji hayo.

Vifuniko viwe vya kubinuka. Hesabu hii haihusu bapa, ambavyo huhitaji unene mkubwa zaidi. Jaribu kwa maji, bar 15, usithubutu kwa hewa. Baadaye pima unene wa chini: ukifika 4.3, tangi listaafu.