Glasi ya borosilikati: mtandao ulioungana haujathibitisha spinodali

"Nimepasha glasi ya borosilikati, nikaona kwenye hadubini ya elektroni mtandao ulioungana. Naweza kuandika kuwa ni mtengano wa spinodali, si viini kuzaliwa na kukua?"

Usiandike bado, ndugu yangu. Nilipokuwa nasoma uzamili nilizifanyia kazi glasi hizi: silika kama asilimia 60, oksidi ya boroni kama robo, kilichobaki soda na alumina. Nilizipasha karibu nyuzi 560 za Selsiasi, kisha nikaziloweka kwenye asidi ya haidrokloriki ya moto. Joto hilo huifanya glasi ijitenge sehemu mbili, moja yenye boroni nyingi na nyingine yenye silika nyingi; asidi huondoa ile yenye boroni na kuacha silika. Glasi ya kwanza ilitoka boroni mpaka katikati, ikabaki sponji ngumu yenye vinyweleo vya nanomita chache. Ya pili, niliyoizidishia silika, ililika juujuu tu, kwa sababu boroni ilikuwa imejifungia ndani ya vitone vilivyozungukwa na silika.

Lakini asidi inakuambia kilichoungana, haikuambii kilianzaje. Vitone vikiwa vingi hugusana na kuungana. Mtafiti Haller alilieleza hilo 1965, mwaka uleule mwenzake Cahn alipoonyesha kwa hesabu kuwa spinodali nayo huzaa mtandao.

Tofauti ya njia hizi mbili iko mwanzoni. Kiini kidogo mno hushindwa na gharama ya nishati ya uso wake, kikayeyuka tena. Kile kinachovuka kizingiti hicho huwa na mchanganyiko unaokaribia ule wa mwisho tangu kinapozaliwa, na baada ya hapo kinaongezeka ukubwa. Spinodali haina kizingiti. Mchanganyiko huyumba kidogo kila mahali, na boroni huhamia palepale ilipokwisha kuzidi. Mawimbi mafupi mno huzuiwa na gharama ya mabadiliko ya ghafla, na marefu mno huzitaka atomi zisafiri mbali, kwa hiyo urefu wa kati ndio unaowahi. Ndiyo sababu muundo wake ni mwembamba na nafasi zake zinakaribiana kulingana. Mwanzoni urefu huo unabaki vilevile, huku tofauti ya mchanganyiko ikizidi.

Kwa hiyo fuatilia muda. Kata vipande vya bamba moja, vipashe kwa dakika tofauti, vipoze haraka, kisha upime mtawanyiko wa eksirei wa pembe ndogo. Kilele cha mtawanyiko kikipanda bila kuhama, una hoja nzuri ya spinodali. Kikiwa tayari kinasogea kwenye pembe ndogo zaidi, umechelewa: maumbo madogo yanamezwa na makubwa, jambo linalotokea kwa njia zote mbili. Vipande vyangu vya kwanza vyote vilikuwa hivyo, nikalazimika kurudia kwa joto la chini na muda mfupi.

Tazama pia unene. Bamba nene likipoa taratibu, moyo wake hukaa muda mrefu katika joto ambalo viini huzaliwa kabla ya kushuka chini ya joto ambalo spinodali huanza, na vitone hupata nafasi ya kuzaliwa. Mimi nilihamia mabamba ya milimita 1.