Dalali anataka ada kabla ya kunionyesha nyumba

"Nimeona picha za nyumba nzuri mtandaoni. Dalali anasema nitume kwanza ada ya kuonyeshwa, ndipo anipe mahali ilipo. Nitume?"

Usitume, ndugu yangu. Dalali wa kweli hula kamisheni nyumba ikipangishwa. Huyu anaishi kwa hizo ada, kwa hiyo hata akikosa nyumba hapati hasara. Mwambie utalipa mkiwa mmesimama ndani. Kisha omba akupigie simu ya video akiwa getini, aingie, afungue bomba la jikoni ukiona. Picha za kuiba hazifungui bomba. Akisema mtandao ni mbovu au kuna mteja mwingine anakaribia kulipia, achana naye.

Wajanja zaidi hukupeleka kwenye nyumba iliyopo kweli, ila wanakuonyesha kwa nje: "mpangaji kasafiri na ufunguo." Hapo usibishane naye. Msogelee mlinzi au jirani, bila dalali kuwa karibu, umuulize kama nyumba inapangishwa na mwenye nyumba ni nani. Mara nyingi utaambiwa kuna familia inaishi humo na haina mpango wa kuhama. Kama ulishatuma, ripoti muamala mara moja kwa mtandao wa simu, na ujumbe wake usiufute.